Baba kumupa binti yake parsele: akti ya donasio inakuwa na nguvu wakati gani?

Katika miji yetu ya mashariki, wababa wengi wanapenda kumuachia binti kipande cha udongo wakingali wazima. Wanajua kile kinachotokea mara nyingi nyuma ya kilio: matanga haijaisha, na tayari kuko mutu anayesema, “Musichana anaolewa, udongo haumufuate kwa bwana.” Sheria ya Kongo haisemi hivyo. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inawaweka watoto wote wa marehemu, wasichana na wavulana, katika kundi moja la warithi, na wanagawana kwa sehemu sawa.

Lakini baba anayetaka binti apate parsele fulani, ile na si ingine, hapaswi kungojea urithi. Anaweza kumupa sasa, kwa njia ya donasio. Donasio si testama. Testama inaanza kufanya kazi siku mwenyewe anakufa, na mbele ya siku hiyo anaweza kuibadilisha mara kumi. Donasio inatoa kitu leo: baba anatoa, binti anapokea, na kitu kimekwisha kutoka mikononi mwa baba.

Shida ni kwamba wengi wanaandika karatasi, wanasaini mbele ya shefu wa kartie, wanakunywa soda pamoja, na wanafikiri kazi imeisha. Kumbe iko nusu ya njia tu.

Mufano wa parsele moja

Tuchukue mufano wa baba mumoja wa Butembo, katika komini ya Bulengera. Mufano huu ni wa kufikiri, lakini kila jambo ndani yake linatokea. Baba ana muke na watoto watano: wavulana watatu na wasichana wawili. Ana nyumba ambamo familia inakaa, na ana parsele ya pili ya metre 20 kwa 40, yenye sertifika danrejistrema kwa jina lake. Anataka kumupa binti wake wa kwanza nusu ya ile parsele ya pili.

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni sertifika yenyewe. Pale kuko namba ya volimu na folio, namba ya kadastre, na ukubwa wa kiwanja. Ukubwa hauandikwe kwa metre tu. Metre 20 mara 40 ni metre karé 800, na kwenye sertifika utakuta ari 8. Nusu yake ni ari 4. Akti ya donasio lazima ichukue namba hizo zilezile, bila kukosea hata moja. Akti inayosema tu “parsele yangu iliyo karibu na kanisa” inafungua mulango wa mabishano, kwa sababu kesho kanisa litahama, au jirani atasema mupaka unapita pengine.

Na kwa sababu baba anatoa nusu, hawezi kutoa “nusu” ambayo haijapimwa. Parsele inapaswa kugawanywa kwanza: jometri wa kadastre anashuka kwenye kiwanja, anapima, anaweka borne, anaandika proseverbali, na kila kipande kinapata namba yake. Majirani wawepo siku hiyo. Jirani aliyeona borne zikiwekwa na asilalamike, itamuwia vigumu kesho kusema hakujua.

Sahihi ya mama

Hapa ndipo donasio nyingi zinavunjika. Baba anasema, “Parsele ni yangu, jina langu ndilo liko kwenye sertifika.” Lakini sheria ya familia inaomba kwamba muke na mume wasikilizane wote wawili wakati wanapotoa kiwanja au nyumba, hata kama wameoana kwa mupango wa mali gani. Kama hawakuchagua mupango wowote siku ya ndoa, sheria inawaweka katika ule ambao mali yote waliyoipata pamoja nyuma ya ndoa ni ya wote wawili. Kwa hiyo jina moja kwenye sertifika halimaanishe mwenye mali mumoja.

Baba wa Butembo akisaini peke yake, muke wake anaweza kwenda tribinali kuomba ile akti ivunjwe. Na kama yeye hataki kufanya hivyo, wale wavulana watatu wanajua kumusukuma siku baba hayuko tena. Njia ni rahisi: mama aende pamoja na baba kwa notere, asaini kwamba anakubali. Sahihi yake kwenye karatasi ya pembeni, iliyoandikwa nyumbani, haina uzito uleule.

Kuko hali ingine ngumu zaidi: mama alikwisha kufa. Wababa wengi wajane wanafikiri sasa wako huru. Ni kinyume. Sehemu ya mama katika mali ya pamoja imeingia katika urithi wake, na watoto wake ndio warithi wa kwanza. Baba hawezi kutoa kitu ambacho sehemu yake ni ya wengine. Lazima kwanza urithi wa mama umalizwe: watoto wote wakutane, mugawanyo uandikwe, na parsele ile ibaki kwa jina la baba kwa njia ya haki. Kisha anaweza kuitoa. Binti anayepokea parsele bila hatua hiyo anapokea kesi.

Kwa notere: baba anatoa, binti anakubali

Kwa kiwanja, karatasi iliyosainiwa nyumbani au kwa shefu wa kartie haitoshe. Inahitajika akti ya otantiki, maana yake iliyosainiwa mbele ya ofisa mwenye uwezo wa serikali: notere wa muji, au konservateri wa hati za viwanja. Baba, mama na binti wanafika na vitambulisho vyao (kadi ya uchaguzi inatumika mara nyingi), sertifika ya asili, akti ya ndoa, na mashahidi.

Akti inaandikwa kwa Kifaransa. Baba ambaye hasomi Kifaransa ana haki ya kuelezwa, kwa luga anayosikia, kila kitu kilichoandikwa mbele ya kutia sahihi au kidole. Ni vizuri akti yenyewe iseme kwamba alielezwa hivyo, na kwa luga gani. Sentensi hiyo moja inaziba kinywa cha mutu atakayesema kesho, “Muzee hakujua kile alichosaini.”

Binti naye lazima akubali, waziwazi, na baba akingali hai. Donasio ni mapatano ya watu wawili. Ile ambayo haikukubaliwa ni ahadi tu. Kama binti anaishi mbali, kwa mufano Kampala au Kinshasa, anaweza kumutuma mutu kwa prokirasio, lakini iwe ni ya kazi hiyo tu: iseme jina la baba, namba ya parsele, na kwamba mutu huyo anatumwa kupokea donasio.

Kama binti ameolewa, wengi wanauliza: je, mume wake atakuwa mwenye parsele? Tangu marekebisho ya 2016, muke haombi tena ruhusa ya mume ili afanye akti. Sheria inataka wasikilizane kwa akti zinazowafunga. Katika ule mupango wa mali ambao sheria inawapa wale wasiochagua, kitu ambacho mutu amepewa kwa donasio kinabaki chake mwenyewe. Lakini siku binti atataka kuuza parsele hiyo, notere ataomba makubaliano ya mume wake, sawa vile baba yake alivyoombwa ya mama.

Jambo la kuepuka kabisa ni “vente ya uongo”. Familia zingine, ili kuepuka maneno, zinaandika akti ya kuuza: eti binti amenunua kwa dola 5000. Hakuna dola iliyotoka. Siku ya kesi, ndugu wanauliza swali moja tu: feza ilitoka wapi, na ilipita wapi? Binti hana jibu, na akti yake inaanza kunuka uongo hata kama nia ya baba ilikuwa safi. Kama ni zawadi, iandikwe zawadi.

Akti si mwisho: jina libadilike kwenye sertifika

Tuseme baba wa Butembo amefanya yote: mama alisaini, binti alikubali, notere aliweka muhuri. Binti anaweka akti ndani ya sanduku na kurudi kwa bwana wake. Je, sasa ana parsele?

Kati ya baba na yeye, ndiyo. Lakini mbele ya watu wengine, bado. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973, katika kifungu cha 219, inasema kwamba haki ya kutumia kiwanja inasimama kisheria kwa sertifika danrejistrema. Na sertifika ingali inasema jina la baba. Kijana mumoja wa nyumba akiiba sertifika hiyo na kumushawishi muzee mugonjwa auze, munuzi anayefika kwa konservateri wa kwanza na kupata sertifika kwa jina lake atakuwa na karatasi yenye nguvu kuliko akti iliyolala ndani ya sanduku. Binti atakuwa na haki ya kulalamika, lakini atalalamika akiwa inje ya kiwanja.

Kwa hiyo hatua ya mwisho ni mitasio, yaani kubadilisha jina. Binti anapeleka kwa ofisi ya konservateri barua ya kuomba, akti ya notere, sertifika ya asili ya baba, proseverbali ya jometri na nakala za vitambulisho. Ofisi inahakikisha kwamba kiwanja hakina ipoteke ya benki wala kesi iliyoandikwa juu yake. Kisha inatoa note ya malipo, na feza inalipwa kwa benki, kwa kasha la serikali, si mukononi mwa mutu anayesema “mimi nitakuharakishia”. Kila malipo yana karatasi yake. Hiyo ndiyo inaingia ndani ya dosie.

Mwisho, konservateri anaivunja sertifika ya zamani. Katika mufano wetu anatoa mbili mupya: moja ya ari 4 kwa jina la baba, moja ya ari 4 kwa jina la binti. Tangu siku hiyo hesabu ingine inaanza. Kifungu cha 227 cha sheria ya udongo kinasema kwamba nyuma ya miaka 2, haki iliyoandikwa kwenye sertifika haiwezi tena kushambuliwa. Mwenye kulalamika anaweza kuomba malipo ya hasara tu. Ndiyo maana wakati ni kitu kikubwa sana. Baba akifa mwezi mumoja nyuma ya akti, na jina halijabadilika, binti atapaswa kuwaomba ndugu zake, sasa warithi, wamuachilie mitasio ifanyike. Wakikataa, ni tribinali, miaka na avoka. Baba akiishi miaka 3 nyuma ya sertifika mupya, maneno mengi yanakufa mbele yake.

Ndugu wanaweza kudai nini?

Kuna dai moja ambalo hata sertifika halilizimi lote, na baba anapaswa kulifikiri mbele ya kusaini. Sheria inawawekea watoto robo tatu ya urithi, wagawane sawasawa. Baba hawezi kutoa mali yake yote kwa mutoto mumoja na kuwaacha wengine mikono mitupu. Kama zawadi zilikula sehemu ambayo sheria inawalindia, nyuma ya kifo chake wanaweza kuomba tribinali ipunguze ile donasio.

Tupige hesabu ya karibu. Kama nyumba ya baba ina bei ya dola 30000, na parsele ya pili yote dola 10000, mali yake ni dola 40000. Nusu aliyotoa ni dola 5000, mbali na robo, ambayo ni dola 10000. Ndugu wanne waliobaki watakuta mali nyingine ya kutosha. Itakuwa vigumu kusema wamenyimwa. Lakini baba mwenye parsele moja tu, ambamo familia yote inakaa, na anamupa binti mumoja yote, anamuachia zawadi itakayorudishwa kwenye meza.

Kwa hiyo akti iseme neno moja wazi: je, ile parsele ni sehemu ya urithi wa binti iliyotangulia, au ni zawadi juu ya sehemu yake? Akti isiposema, kila upande utasema vile inavyomufaa. Wababa wengine wanaongeza kikao cha familia, ambamo watoto wote wanaambiwa na kusaini proseverbali kwamba wamejua. Karatasi hiyo haichukui nafasi ya notere, lakini inaondoa ile sentensi ya “alitufichia”.

Na afya ya baba nayo inaangaliwa. Akti iliyosainiwa kwenye kitanda cha hospitali, siku chache mbele ya kifo, ndiyo ndugu wanaishambulia kwanza, wakisema muzee hakuwa tena na akili yake. Mwenye kutaka kutoa, atoe akingali anatembea mwenyewe mupaka kwa notere.

Hatari kwa baba mwenyewe

Watu wanazungumza sana juu ya binti, na wanasahau muzee. Donasio hairudi nyuma kwa kupenda tu. Baba aliyekasirika na mukwe wake hawezi kuamuka asubuhi na kusema, “Nirudishie.” Sheria inafungua milango michache: kama binti hakutimiza masharti yaliyoandikwa ndani ya akti, au kama alimutendea baba ubaya mukubwa wa utovu wa shukrani. Na hata hapo, ni tribinali inayovunja, si baba.

Ndiyo maana masharti yaandikwe mwanzoni. Kama kuko nyumba ya kupangisha juu ya kiwanja na baba anaishi kwa kodi hiyo, akti inaweza kusema kwamba anaendelea kuipokea mupaka kifo chake. Kama anataka kukaa pale, iandikwe kwamba atakaa. Ahadi ya midomo, “Baba, hakuna shida, utakaa tu,” haimufungi mutu siku binti amehama na mukwe anataka kuuza.

Na wale wasio na sertifika?

Wengi hawana. Wana fishi parselere ya komini, au kontra ya lokasio na serikali, au katika vijiji, jeton ya shefu wa kimila. Hawa wajue kwamba mutu hatoi zaidi ya kile alicho nacho. Udongo ni wa serikali, na karatasi hizi hazina nguvu ya sertifika. Mwenye kontra ya lokasio hawezi kuipitisha kwa binti bila ofisi ya udongo kukubali, kwa sababu ile kontra ni kati yake na serikali.

Njia iliyo salama ni baba kuanza kusafisha dosie akingali hai: kupima, kuomba kontra, kufika kwa sertifika, kisha kutoa. Kama nguvu au feza haitoshi, angalau atoe kwa akti ya notere, mama akisaini, shefu na majirani wa pande zote wakiwa mashahidi, na binti aanze mara moja kukitumia kile kiwanja: kulima, kujenga lupango, kulipa kodi kwa jina lake na kuchunga kila risiti. Katika kesi ya udongo usio na sertifika, swali la kwanza la tribinali ni nani alikuwa pale, tangu lini, na nani alimuona. Binti aliyepewa shamba na hakulikanyaga hata siku moja atakuwa na jibu fupi sana.